Barua ya Kushukuru na Kutopokea Nafasi ya Mkuu wa Kitengo cha Ubora

Kibosho, Moshi
16 Juni 2025

Meneja Mkuu,
Mbozi, Songwe.

YAH: NAFASI YA MKUU WA KITENGO CHA UBORA WA KAHAWA

Shikamoo mzee.

Rejea barua yenu ya tarehe 9 Juni 2025, mliyonitaka niwajibu kabla ya tarehe 20. Nimeisoma mara nyingi, nimeizungumza na mume wangu na pia na mama yangu. Nasikitika kukujulisha kwamba sitaweza kuipokea nafasi hii kwa sasa. Nimeona nikuandikie mapema, nisingoje siku ya mwisho, maana najua mlitaka mtu aanze tarehe 1 Julai na bado mna muda wa kumwita mwingine.

Nieleze sababu, kwa sababu mlinipokea vizuri na mnastahili kuijua.

Mwaka jana chama chetu cha msingi kilipata mtambo wa pamoja wa kumenya kahawa. Kabla ya hapo kila mkulima alimenya nyumbani kwake, akaanika anavyojua yeye, na tulipochanganya mizigo, gunia moja lililochacha liliharibu sampuli nzima. Niliwaomba wakulima walete matunda mabivu tu, siku ileile ya kuchuma. Wengi walisita, kwa kuwa kuchagua matunda kunaongeza siku za vibarua shambani. Nikawaahidi mbele ya mkutano kwamba nitasimama nao hadi kahawa ya msimu huu ifike mnadani na waione bei yake. Uvunaji wetu unaanza mwezi ujao na utatufikisha Desemba. Nina vijana wawili ninaowafundisha kuonja; mmoja ameshaanza kuitambua kahawa iliyoanikwa haraka mno, mwingine bado anasitasita. Nikiondoka sasa, vichanja vitabaki bila mtu wa kupima unyevu na kusema huu mzigo uko tayari, ule urudi juani.

Kisheria taarifa ya siku 28 ingetosha, na mwajiri wangu asingenizuia. Lakini wale wazee nakutana nao kanisani kila Jumapili, na neno nililowapa nilitoa mwenyewe.

Naomba usidhani ni suala la maslahi. Mshahara mlioupendekeza ni mkubwa kuliko ninaoupata hapa, na nyumba mliyoniahidi ingenirahisishia mengi. Sijaleta barua hii ili niongezewe, wala sina ofa nyingine mkononi.

Usaili wenu utabaki kichwani mwangu. Sijawahi kuulizwa maswali machache hivyo na kupewa vijiko vingi hivyo! Nakumbuka sampuli ya nne: vikombe vinne vilikuwa safi, cha tano kikatoa harufu ya kuchacha pale nilipovunja utando wa juu. Nikarudi kukinusa mara ya pili, nikaogopa kusema, kisha nikasema. Ukakichukua kile kikombe, ukaonja mwenyewe, ukamwagiza kijana akalitafute gunia lilikotoka. Hukutetea mzigo wako. Kwa hilo peke yake ningefanya kazi nanyi kwa moyo mweupe.

Ndiyo maana naomba jambo moja. Kuanzia Februari 2026, mauzo ya msimu yakishakuwa yametulia na vijana wangu wameshika kazi, nitakuwa huru kuhama. Sikuombi uniwekee kiti; kazi ya ubora haisubiri mtu, na mkimpata anayefaa nitafurahi. Ila ikitokea nafasi wakati huo, hata iwe ya chini kuliko hii, au mkihitaji mtu wa kuja wiki mbili kuwafundisha waonjaji wapya, tafadhali nipigieni. Namba yangu ni ileile iliyo kwenye wasifu wangu. Nami nitakuandikia mwezi Januari kukujulia hali na kukueleza msimu wetu umekwendaje.

Kuna pia mwenzangu mmoja niliyejifunza naye kuonja, ambaye kwa sasa anatafuta kazi na yuko tayari kuhamia nyanda za juu kusini. Nimezungumza naye na ameridhia nimtaje. Ukipenda, nijulishe nimwambie alete maombi yake kwako moja kwa moja, mumpime kwa vijiko kama mlivyonipima mimi.

Nakala mbili za mkataba nazirudisha pamoja na barua hii, bila sahihi. Zile nauli mlizonirudishia nilizipokea zote, asante.

Nisalimie akina mama wa chumba cha kuchambulia kahawa, hasa yule aliyenipa chai ya tangawizi asubuhi ile ya baridi. Nawatakia mavuno mema.

Wako mtiifu,

Anjela
Mwonjaji wa kahawa