Mpango wa Bajeti ya Nyumba baada ya Kupoteza Ajira, Machi hadi Agosti

Mpango huu tumeuandaa mke na mume kufuatia kusitishwa kwa ajira ya baba wa nyumba mwishoni mwa Februari, na utaanza kutumika tarehe 1 Machi. Lengo lake ni moja: fedha zilizopo zitufikishe angalau mwisho wa Agosti bila kukopa, hata kama kwa muda wote huo hakuna mshahara utakaoingia.

Fedha zilizopo

Akiba iliyoko benki ni shilingi 3,600,000. Kiinua mgongo kilichoandikwa kwenye barua ni 6,400,000, lakini kilichoingia kwenye akaunti, baada ya mwajiri kukata salio la mkopo wa mshahara, ni 6,000,000, na hicho ndicho tunachokihesabu. Jumla ni 9,600,000.

Kabla ya kupanga matumizi ya mwezi tunatenga mafungu mawili. La kwanza ni 1,500,000 kwa ajili ya dharura, yaani ugonjwa, msiba au uharibifu wa nyumba usioweza kusubiri; simu mpya na mkopo kwa jamaa havimo. La pili ni 900,000 za ada ya shule, 450,000 kwa kila muhula, Aprili na Julai. Ada tumeitenga mapema kwa sababu haionekani kwenye hesabu ya mwezi hadi siku inapodaiwa. Mafungu hayo, jumla 2,400,000, yatabaki kwenye akaunti ya akiba. Sehemu iliyosalia ya akiba, 1,200,000, itahamishiwa kwenye akaunti yenye kiinua mgongo, ambayo hivyo itakuwa na 7,200,000.

Gharama za kila mwezi

Kodi ya nyumba: 350,000
Marejesho ya mkopo wa benki: 180,000
Bima ya afya: 55,000
Umeme: 40,000
Simu na intaneti: 30,000
Maji: 25,000
Jumla ya bili zisizokwepeka: 680,000

Kwa chakula, gesi na mahitaji ya usafi, tulikuwa tukitumia takribani 430,000, na sasa kikomo ni 320,000. Nauli imeshuka hadi 60,000, na yote ni ya kwenda kwenye usaili na kupeleka maombi ya kazi. Jumla ya mwezi ni 1,060,000. Miezi sita itagharimu 6,360,000, na mwishoni mwa Agosti kutabaki 840,000.

Bima ya afya tumeijadili kwa muda mrefu, kwa kuwa ndiyo bili iliyo rahisi kuifuta. Tumeamua ibaki, kwa sababu kulazwa hospitali mara moja kunaweza kumaliza fungu lote la dharura.

Mkopo wa benki

Deni lililobaki, likilipwa leo kwa mkupuo, ni 2,150,000. Likiendelea kulipwa kidogo kidogo, marejesho 13 yatafika 2,340,000. Kulilipa sasa kungeokoa 190,000 na kutuondolea mzigo wa 180,000 kila mwezi, jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka linavutia sana. Hata hivyo, fedha za matumizi zingebaki 5,050,000 dhidi ya gharama ya 880,000 kwa mwezi, ambazo hazifikishi miezi sita, ilhali tukiendelea na marejesho ya kawaida tunavuka miezi sita na nusu. Fedha ikishalipwa benki hatuwezi kuirudisha, kwa hiyo mkopo utaendelea kama ulivyo. Katika wiki ya kwanza ya Machi baba atakwenda benki akiwa na barua ya kusitishwa kazi kuulizia kama bima ya mkopo inagusa upotevu wa ajira, na kama marejesho yanaweza kupunguzwa kwa muda.

Utaratibu

Kila tarehe 1, shilingi 1,060,000 zitahamishwa mara moja kwenda kwenye akaunti ya matumizi, mithili ya mshahara, na hakuna uhamisho wa pili katika mwezi huo. Kinachobaki mwisho wa mwezi kinabaki humo humo. Matumizi yataandikwa kwenye daftari siku hiyo hiyo yanapofanyika, na kutoa fedha kwenye fungu la dharura kunahitaji wote wawili tukubaliane.

Mapato ya ushonaji ya mama hayajaingizwa, kwa sababu huja na kukatika. Yakipatikana yataongezwa kwenye zile 840,000. Hizo zimepungua 220,000 tu kufikia gharama ya mwezi wa saba, na pengo hilo likizibwa, Septemba nayo itakuwa imelipiwa.

Tarehe 31 Mei salio la akaunti ya kiinua mgongo linapaswa kuwa 4,020,000. Likiwa chini ya hapo, au kazi ikiwa haijapatikana, tutahamia nyumba ya kodi ya 220,000. Kuhama kutagharimu karibu 300,000, kwa hiyo nafuu itaonekana kuanzia mwezi wa tatu baada ya kuhama. Ndiyo maana hatuhami sasa, na ndiyo maana hatutasubiri hadi Agosti kuamua.

Kazi ikipatikana, mshahara wa kwanza hautabadilisha kikomo chochote hapa hadi kipindi cha majaribio kiishe.