Maelezo ya grafu: Idadi ya watu Tanzania katika sensa 6, 1967–2022

Grafu ya nguzo. Mhimili wa chini una miaka ya sensa. Mhimili wa wima, idadi ya watu kwa milioni, kuanzia sifuri. Nguzo ni 6: 1967, 12.3; 1978, 17.5; 1988, 23.1; 2002, 34.4; 2012, 44.9; 2022, 61.7.

Kila nguzo ni ndefu kuliko iliyotangulia. Hakuna mahali idadi inaposhuka. Nguzo ya mwisho ni mara 5 ya ile ya kwanza.

Msomaji asikimbilie mruko wa 1988 hadi 2002, ongezeko la milioni 11.3. Nguzo zimepangwa kwa nafasi sawa, lakini hapo imepita miaka 14, na kwingine ni 10 au 11. Ukigawa kwa miaka, ni takriban laki 8 kwa mwaka. Mchoro wenyewe hauonyeshi hilo, nami naona ni kasoro kubwa.

Linalojitenga kweli ni 2012 hadi 2022: milioni 16.8 ndani ya miaka 10, karibu milioni 1.7 kwa mwaka. Muongo uliotangulia uliongeza milioni 10.5.