Fyuzi ya Ampea 5

Saa moja jioni, Nyalenda, stima zilipotea. Nilichungulia dirishani: kwa jirani taa ziliwaka.

"Basi ni sisi tu," Baba akasema. "Lete tochi. Vaa viatu, ukaushe mikono."

Kwenye kisanduku cha zamani cha fyuzi, alinifanya nizime swichi kuu mwenyewe. Kisha akaijaribu tena kwa kidole chake, kana kwamba haniamini.

"Siku zote hii kwanza, mamangu. Hata kama nyumba nzima ni giza."

Nilichomoa kishikio cha kauri. Waya ulikuwa umekatika, ncha zake nyeusi.

"Nani alichomeka pasi kwenye holda ya balbu?"

Nikanyamaza. Sare yangu ilikuwa bado na mikunjo.

"Pasi ya wati 2000 huvuta zaidi ya ampea 8. Laini hii ya taa ni ya 5."

Nilitaka kuweka waya mnene usikatike tena. Akanishika mkono. "Huo hautakatika. Nyaya za ukutani ndizo zitaungua, sisi tukiwa tumelala."

Nikafunga waya wa ampea 5, nikakaza skrubu, nikarudisha kishikio. Pasi aliichomoa yeye.

"Washa," akasema.