KUH: Bima katika mstari wa 7 wa ankara nambari 0412

Ndugu Nassor,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Natumai barua hii itakufikia ukiwa na afya njema, wewe na jamaa zako wote hapo Deira. Nimepokea picha ya ankara nambari 0412 uliyonitumia jana jioni kwa Watsapu, nami nimeipitia mstari kwa mstari nikiilinganisha na makadirio ya bei tuliyokubaliana kabla sijakutumia malipo ya kwanza. Vitambaa viko sawa kwa idadi na kwa bei: majora 300 yaliyofungwa katika marobota 30, ambayo thamani yake ni dola 13,560. Gharama ya kufunga mzigo, dola 150, na nauli ya meli, dola 1,250, pia ndizo zilizokuwa katika makadirio. Ninalotaka kukuuliza ni juu ya mstari wa 7 peke yake, ambapo pameandikwa bima.

Kwanza, kiasi chenyewe hakisomeki vyema. Karatasi ilikuwa imekunjwa ilipopigwa picha, na mkunjo umepita juu ya tarakimu ya kwanza, hata ukiikuza picha huwezi kujua kama ni 180 au 780. Nilipojumlisha mistari mingine sita nilipata dola 14,960, na kwa kuwa jumla iliyo chini ya ankara inasomeka wazi kuwa ni 15,140, nimechukulia kwamba kilichoandikwa ni 180. Tafadhali nithibitishie.

Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, sioni sababu ya bima kuwamo katika ankara hii. Makubaliano yetu yalikuwa C&F Mombasa, na ndivyo ulivyoandika wewe mwenyewe juu ya makadirio, maana yake nauli hadi bandarini ni juu yako na bima ni juu yangu. Sikuyachagua masharti hayo kwa kupenda tu: tangu Januari 2017 sisi waagizaji wa Kenya tunatakiwa kukata bima ya mizigo ya baharini kwa kampuni zilizosajiliwa hapa nchini, na mimi nimeshaikata na kuilipia, na cheti chake kimo katika hati ambazo wakala wangu wa forodha amekwisha kuziandaa. Ankara ikifika ikiwa na bima nyingine, mzigo mmoja utaonekana una bima mbili, na wakala atalazimika kutoa maelezo ambayo mimi sina.

Dola 180 si fedha za kutuharibia uhusiano, lakini kiasi hicho hakiishii hapo. Ushuru wa forodha kwetu huhesabiwa juu ya thamani ya bidhaa pamoja na nauli na bima, kisha VAT ya asilimia 16 huhesabiwa juu ya jumla hiyo ikiwa imeshaongezwa ushuru, kwa hivyo bima nisiyoihitaji huenda nikaitozwa kodi pia. Faida ya kitambaa cha kanzu ni ndogo mno kubeba gharama ya namna hiyo, na bei niliyowatajia mafundi wa Mji wa Kale siwezi kuibadilisha sasa.

Kwa hivyo naomba uniandikie ankara mpya isiyo na mstari huo, yenye jumla ya dola 14,960, iwe na muhuri na sahihi yako, na uipitishe kwenye skana badala ya kuipiga picha, kwa sababu wakala hawezi kuitumia nakala yenye tarakimu isiyosomeka. Iwapo umeshalipa bima hiyo kwa kampuni ya huko, nieleze ililipwa lini na kwa jina la nani, na unitumie nakala ya cheti, ili tujue kama inaweza kufutwa na fedha zako zikarudishwa. Gharama yake, hata hivyo, siwezi kuibeba mimi, kwa kuwa hukuniuliza kabla ya kuikata.

Nimeshakulipa dola 4,500, na salio kwa hesabu ya makadirio ni dola 10,460. Fedha hizo ziko tayari benki, nami nitazituma siku ile ile nitakayopokea ankara iliyosahihishwa. Ningeomba iwe kabla ya Alhamisi, kwani meli inatarajiwa kutia nanga Kilindini mwanzoni mwa wiki ijayo, na hati zikichelewa marobota yatakaa bandarini na kuanza kutozwa gharama za kuhifadhiwa.

Nakushukuru kwa vitambaa vizuri unavyoniletea kila mara, na nangojea jibu lako.

Wassalaam,

Bi Zuhura
Duka la vitambaa, Biashara Street
Mombasa