Sufuria moja ya maziwa: somo la Sayansi, Gredi ya 4, Lamu

Sogeeni karibu, wanangu, lakini jiko niachieni mimi.

Haya ni maziwa ya ng'ombe, lita tatu, yametoka Witu. Jana jioni niliyachemsha, yakapoa, nikayatia kwenye friji. Nani anaona kilicho juu? Ndiyo, malai. Hayo ni mafuta. Ni mepesi kuliko maji, ndiyo maana yanaelea. Chini yamebaki maji mengi, sukari ya maziwa na protini. Leo tunavitenganisha.

Naengua malai, nayatia kwenye chupa hii ya mdomo mpana, nusu tu. Fungeni kifuniko barabara, kila mmoja atikise kisha ampe mwenzake. Mtasikia yakirukaruka, baadaye yatakuwa mazito na chupa itanyamaza. Hapo wengi huchoka na kuacha! Endeleeni. Chembe za mafuta zina ngozi nyembamba. Zikigongana sana ngozi hupasuka, mafuta yanashikana, na ghafla mtasikia donge likigonga ndani. Hiyo ni siagi. Tutaiosha kwa maji baridi. Ukiiyeyusha motoni hadi maji yaliyomo yakauke, umepata samli ya mkate wa mofa.

Maziwa yaliyobaki tunayagawa sehemu mbili.

Nusu ya kwanza nayapasha hadi yawe vuguvugu, nyuzi kama 43, kisha nakoroga vijiko viwili vya yogati isiyotiwa sukari. Ndani yake mna bakteria wazuri. Wanakula sukari ya maziwa na kutoa asidi. Mbona nisiwatie kwenye maziwa yanayochemka? Athmani? Naam, watakufa. Sasa tunafunika na kuzungushia leso, na hakuna ruhusa ya kutikisa. Joto la hapa kwetu linasaidia.

Nusu ya pili nayaacha yakaribie kuchemka, nazima moto, namimina maji ya ndimu kidogo kidogo. Tazameni! Yamekatika: mabonge meupe huku, maji ya kijanikijani huku. Nachuja kwa kitambaa safi, naongeza chumvi, nakamua. Jibini. Ni laini, si ile ngumu ya dukani, ambayo kwa kawaida hugandishwa kwa kimeng'enya na kuachwa ikomae.

Hapa fikirini vizuri. Asidi imeingia kwenye sufuria zote mbili, na asidi ndiyo inayogandisha protini. Kwa yogati inakuja polepole, bila moto mkali, kwa hiyo protini inajisuka kama wavu na kuyazuia maji ndani. Kwa jibini imeingia ghafla katika joto kali, protini ikajikunja na maji yakatoka.

Kesho asubuhi tutafungua leso. Kabla ya hapo andikeni daftarini: sukari ya maziwa imekwenda wapi katika yogati, na mbona siagi haikuhitaji ndimu? Maji ya jibini msiyamwage. Mwanaisha atampelekea mama jikoni akandie mkate.