Kuhusu zile invoisi zinazokataliwa na mfumo

Kaka habari za kazi,

Nakuandikia kuhusu ule ukaguzi wa invoisi uliotuwekea, maana wiki hii umenikatalia invoisi 9 na zote ni halali, nimekaa nazo juzi usiku moja moja na karatasi mkononi.

Kubwa ni hili la katoni. Mimi naagiza sabuni katoni 10, saplaya anaandika vipande 240 coz katoni moja ina vipande 24, mzigo ni ule ule na jumla ya hela ni ile ile, ila mfumo unaona 10 na 240 basi unapiga chini. Kila bidhaa ina idadi yake kwa katoni kwahiyo usiweke 24 kila mahali, weka sehemu niijaze mwenyewe.

Halafu namba. Masaplaya wawili tofauti wote wana invoisi 0147, wa pili akaambiwa imeshaingizwa! Angalia namba pamoja na jina la saplaya bana.

Kodi nayo, wengine wanaraundi kila mstari, wewe unaraundi jumla mwishoni, inapishana senti 1 au 2 tu na invoisi nzima inarudi. Ruhusu hiyo tofauti ndogo.

Ila usiuzime ukaguzi kabisa, mwezi jana ulinikamatia invoisi iliyoletwa mara mbili kweli. Kwa sasa nipe kitufe cha kupitisha mwenyewe, saplaya wa sabuni ashaanza kunipigia kila asubuhi.

Picha za zote 9 nimekutumia wasap.