YAH: Kurudishiwa hela ya basi la shule muhula wa pili, mwanafunzi wa darasa la tatu, ruti ya Nzuguni

Kwa Mwalimu Mkuu, nakala kwa mhasibu

Shikamoo Mwalimu, poleni na kazi za kufunga shule. Naandika kuhusu hela ya basi ya mwanangu Neema. Nililipa 320,000 yote kwa mkupuo benki mwezi wa saba kabla hata shule haijafunguliwa, maana mlitutangazia asiyemaliza mtoto wake hapandi, slipu nimeiambatanisha hapa. Hiyo hela ni ya muhula mzima lakini basi limekuja wiki tatu za mwanzo, likarudi wiki mbili mwezi wa kumi, ndo ikawa basi mpaka mmefunga.

Mara ya kwanza tuliambiwa giaboksi imekufa, sawa, gari ni chuma, sina ugomvi na hilo. Baadae spea inatoka Dar. Baadae dereva kaacha kazi. Alafu ruti yetu ikaunganishwa na ya Ilazo na Kisasa, mtoto asimame barabarani saa kumi na moja na nusu alfajiri, tukakubali hivyo hivyo, kumbe basi lenyewe likifika kwetu limeshajaa mpaka mlangoni na dereva hasimami, anapunga mkono tu anapita. Kuna siku ikaja Noah nyeupe haina hata maandishi ya shule, matroni hayumo, dereva simjui, anasema katumwa kuchukua watoto. Nilimkatalia na akija kesho namkatalia tena. Gari la kubeba wanafunzi linatakiwa liwe na leseni ya LATRA, nyie mnalijua hilo kuliko mimi.

Mwalimu shule yenu iko huko barabara ya Arusha, mimi nakaa Nzuguni na kazini kwangu ni Mtumba, yaani mimi naelekea huku mtoto anatakiwa kule. Nilimleta kwenu kwa sababu mlisema basi linafika Nzuguni, bila hivyo shule za huku kwetu zipo na zinafundisha vizuri tu. Sasa wiki zote ambazo basi halikuja asubuhi ni boda, na ule upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba na wa nane, mtoto anafika darasani macho mekundu vumbi mpaka masikioni, jioni anachangia bajaji na watoto wa jirani. Zote hizo zimetoka mfukoni kwangu huku 320,000 yangu imekaa kwenu. Ya boda na bajaji siwadai, ingawa Sheria ya Mikataba Sura ya 345 inasema aliyevunja makubaliano anamlipa mwenzake hasara iliyotokana na huko kuvunja. Nataka ile niliyowapa nyie tu.

Muhula ulikuwa wiki 20 ukitoa ile likizo fupi, kwa hiyo wiki moja ni 16,000. Wiki tano mlizonibebea mtoto ni 80,000, hiyo ni yenu halali kabisa. Inabaki 240,000. Kama mnaona nimekosea fungueni daftari la matroni, anatiki kila mtoto anayepanda na kushuka, hesabuni humo.

Nilipokuja ofisini mhasibu alinionyesha fomu ya kujiunga pale palipoandikwa hela ya basi ikishalipwa hairudishwi. Nimeisoma vizuri na nimeisaini mwenyewe. Hiyo ni kwa mzazi aliyebadilisha mawazo katikati ya muhula, mtoto kahama au kaamua kumpeleka mwenyewe. Mimi sijabadilisha mawazo, nimesimama na mtoto barabarani nasubiri, ambaye hakuja ni nyie. Na kuuliza kwenye grupu la wazazi ndo hivyo tena, mlipoona maswali yamekuwa mengi mkalifunga, admini peke yao ndo wanaandika, tunasoma "wazazi tuvumiliane" hamna pa kujibu.

Kilichonifanya niandike rasmi ni invoisi ya Januari niliyotumiwa juzi, basi 320,000 ile ile, muhula uliopita haujatajwa kabisa. Naomba moja kati ya haya mawili: mnirudishie 240,000 kwenye akaunti niliyolipia, au mnitumie invoisi mpya iliyopunguzwa hiyo hela, yenye mhuri. Kuambiwa kwa mdomo "tutakuangalia muhula ujao" sipokei. Na hela ya basi ya Januari silipi mpaka nijue ni gari gani linakuja Nzuguni, na nitalipa mwezi kwa mwezi.

Naomba majibu kwa maandishi kabla shule hazijafunguliwa, nisipopata barua hii naipeleka kwa afisa elimu wa Jiji na slipu yangu.

Wenu,
Mama Neema

NB: Matroni wa ruti yetu asisumbuliwe kwa hii barua, yeye ndo mtu pekee aliyekuwa anatupigia simu asubuhi kutuambia leo basi haliji, tena kwa vocha yake.